Chembe zisizo na ulinzi: historia ya mkojo mweusi wa alfajiri

Songea na Dar es Salaam, 1898

Mgonjwa akifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea na kusema anakojoa mkojo wenye rangi ya kokakola, swali la kwanza litahusu malaria. Akiwa anatoka vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, ataulizwa pia kuhusu kichocho. Kisha ataulizwa dawa alizomeza siku za karibuni, kwa sababu wapo watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na chembe nyekundu zao hupasuka wakitumia dawa fulani.

Mpangilio huo wa maswali una historia ndefu nchini. Robert Koch alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha ni homa ya mkojo mweusi iliyokuwa ikiwaua wazungu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yeye alishikilia kwamba sababu ni kwinini, si ugonjwa wa pekee. Mwaka huohuo wa 1898 Wabenedikto walianzisha misheni yao Peramiho, kilomita chache kutoka Songea, mahali ambapo baadaye ilijengwa hospitali inayotegemewa hadi leo na watu wa Ruvuma. Tangu wakati huo mkojo mweusi umekuwa, kwa mganga wa huku kwetu, dalili ya malaria au ya dawa ya malaria. Mara nyingi anakuwa sahihi.

Upo hata hivyo mkojo mweusi usio na homa. Unaonekana zaidi asubuhi mtu anapoamka, unafifia kadiri siku inavyokwenda, kisha unarudi baada ya siku au wiki. Kipimo cha malaria hakioni kitu, mayai ya kichocho hayapo, na mgonjwa hajatumia dawa yoyote. Anazidi tu kupauka. Ugonjwa huu adimu unaitwa himoglobinuria ya usiku ya vipindi, na madaktari huutaja kwa herufi PNH. Haurithiwi wala hauambukizi. Kuuelewa kulichukua zaidi ya miaka 100, na hatua moja muhimu katika kuuelewa ilipigwa Afrika.

Greifswald, 1882

Daktari Mwingereza William Gull alikuwa ameeleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1866, lakini aliyeutenga ugonjwa huu na mingine ni Paul Strübing, daktari kijana wa Greifswald kaskazini mwa Ujerumani. Mgonjwa wake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa, mwenye umri wa miaka 29, mchovu na mwenye maumivu ya tumbo, ambaye mkojo wake wa asubuhi ulikuwa mweusi.

Strübing aliona jambo ambalo wengi wangelipita. Baada ya shambulio kali, maji ya damu ya mgonjwa, yaani plazima, yalikuwa mekundu. Plazima ya mtu mzima wa afya ina rangi ya manjano hafifu. Wekundu ule ulimaanisha kwamba chembe zilikuwa zimeshapasuka ndani ya mishipa, na himoglobini iliyotoka ndani yake ikachujwa na figo na kuingia kwenye mkojo. Hivyo kidonda hakikuwa kwenye figo wala kibofu. Alidhani pia kwamba wakati wa usingizi mtu hupumua polepole, kabonidioksaidi hujikusanya, damu huelekea kuwa na asidi, na asidi hiyo hupasua chembe zilizo dhaifu.

Kuhusu usingizi wenyewe, waliokuja baadaye walibaini kwamba mgonjwa akilala mchana na kukesha usiku, mkojo mweusi hufuata usingizi na si giza. Sasa tunajua pia kwamba wagonjwa wengi hawaoni mpangilio wowote wa usiku na mchana, na daktari anayesubiri historia ya mkojo wa alfajiri peke yake atawakosa wengi. Lakini wazo la Strübing kwamba asidi inahusika, na kwamba udhaifu uko ndani ya chembe, lilikuwa na mbegu ya ukweli. Makala yake ilisahaulika kwa miongo kadhaa.

Tone la asidi, 1911 hadi 1939

Mwaka 1911 Mholanzi Hijmans van den Bergh alichukua chembe za mgonjwa, akaziweka kwenye seramu iliyopitishiwa kabonidioksaidi, nazo zikapasuka. Alipotumia seramu ya mtu mwenye afya, zilipasuka vilevile. Jaribio hilo dogo lina uzito mkubwa. Kama seramu ya mtu yeyote inaweza kuzipasua chembe hizi, basi seramu ya mgonjwa haina sumu ya peke yake, na kasoro imo kwenye chembe. Waitaliano Marchiafava na Micheli waliuchunguza ugonjwa huu katika miaka hiyohiyo na iliyofuata, na majina yao yakabaki kwenye vitabu. Jina la PNH lilitolewa na Enneking mwaka 1928.

Aliyeugeuza uchunguzi huo kuwa kipimo ni Thomas Hale Ham wa Boston, mwaka 1937. Aliongeza asidi kidogo kwenye seramu na kuona chembe za mgonjwa zikipasuka huku za watu wengine zikibaki salama. Kisha akafanya jambo la busara zaidi: aliipasha seramu moto kwanza. Seramu iliyokaa kwenye nyuzi 56 za selsiasi kwa nusu saa haikupasua chembe hata moja, ingawa asidi ilikuwepo.

Kwa wataalamu wa wakati ule alama hiyo ilikuwa wazi. Tangu miaka ya 1890, kutokana na kazi ya Jules Bordet, ilijulikana kwamba ndani ya seramu kuna kitu kinachosaidia kingamwili kuua bakteria, na kwamba kitu hicho huharibika kwenye nyuzi 56. Kinaitwa komplementi. Mwaka 1939 Ham na mwenzake Dingle walithibitisha kwamba ndicho kinachopasua chembe za PNH. Asidi ilikuwa inakichochea tu.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kwa ufahamu wa siku zile komplementi ilikuwa askari asiyechukua hatua mpaka kingamwili imwelekeze adui. Walitafuta kingamwili juu ya chembe za wagonjwa na hawakuiona. Mwaka 1954 Louis Pillemer wa Cleveland alitangaza kwamba ipo njia ya pili ya kuamsha komplementi, isiyohitaji kingamwili kabisa, na katika kuitetea yeye na wenzake walizitumia chembe za PNH kama kipimo. Wenzake wengi katika fani hawakumwamini. Alifariki mwaka 1957, na ilipita miaka zaidi ya kumi kabla sayansi haijakiri kwamba njia ile ipo. Naiona sura hii kuwa ya kusikitisha kuliko zote katika historia hii, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana.

Ibadan, 1970

Lilibaki swali la asili: kasoro ya chembe imetoka wapi? Mgonjwa hakuzaliwa nayo, na wazazi na watoto wake hawana. Uchunguzi wa kupima ukali wa kupasuka ulionyesha pia kwamba damu yake imechanganyika, chembe nyingine dhaifu na nyingine za kawaida kabisa. John Dacie wa Hammersmith, London, alipendekeza mwaka 1963 kwamba seli shina moja ndani ya uboho wa mifupa imepata badiliko la jeni, na chembe zote dhaifu ni uzao wake. Lilikuwa pendekezo zuri lisilo na uthibitisho.

Uthibitisho ulitoka Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria. Oni, Osunkoya na Lucio Luzzatto, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi huko tangu mwaka 1964, walitumia kimeng'enya kilekile cha G6PD. Afrika Magharibi kina aina mbili za kawaida, A na B, zinazotofautishwa kwa kuzisukuma kwa umeme maabarani, kwani moja husogea kwa kasi kuliko nyingine. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, lakini kila seli yake huzima moja. Kwa hiyo mwanamke aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine ana damu yenye mchanganyiko: nusu hivi ya chembe zina A, zilizobaki zina B.

Sasa chukua mwanamke kama huyo akiwa na PNH. Tia asidi kwenye seramu, chembe dhaifu zipasuke, kisha pima kimeng'enya kilichomwagika. Kama ugonjwa ulianzia kwenye seli nyingi za uboho, utakuta A na B pamoja. Kama ulianzia kwenye seli moja, utakuta aina moja tu. Walikuta aina moja tu, ilhali chembe nzima zilizobaki zilikuwa na zote mbili. Makala yao ilitoka mwaka 1970. Jaribio hilo lisingefanyika kwa urahisi Boston wala London kwa wagonjwa wa huko, kwa kuwa tofauti ile ya A na B ni ya watu wenye asili ya Afrika.

Ngozi isiyo na nanga, 1983 hadi 1993

Ili kuelewa kilichopotea, lazima kwanza kueleweka kwamba komplementi haijalala hata ndani ya mtu mwenye afya. Protini yake kuu, C3, hujifungua yenyewe kidogokidogo muda wote, na vipande vyake hunata juu ya chochote kilicho karibu, kiwe bakteria au chembe nyekundu. Kikishanata, kipande huungana na protini nyingine na kuwa kimeng'enya kinachokata C3 zaidi, na hivyo moto huongezeka. Baadaye hukatwa C5. Kipande chake huita C6, C7 na C8, na mwisho C9 nyingi hujipanga duara na kutoboa tundu kwenye utando wa seli. Maji huingia kwa kasi, seli huvimba na kupasuka.

Bakteria hufa hivyo. Chembe zetu hupona kwa sababu zina walinzi juu ya ngozi yao. Mwaka 1983 ilionekana kwamba chembe za PNH hazina mmoja wao, CD55, ambaye kazi yake ni kuvunjavunja kile kimeng'enya cha C3 kabla hakijaongezeka. Wengi waliona fumbo limekwisha. Lakini wapo watu wachache waliozaliwa bila CD55 kwenye chembe zao, na damu yao haipasuki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa mlinzi wa pili, CD59, anayeizuia C9 isikamilishe duara. Mwaka 1990 wataalamu wa Japani walimweleza mgonjwa aliyerithi upungufu wa CD59 peke yake, naye alikuwa akipata mkojo mweusi kama wa PNH. Ndipo ikajulikana nani ni mlinzi wa mlango wa mwisho. Asipokuwepo huyo, chembe inatobolewa.

Kwa nini walinzi wawili wasiofanana wapotee pamoja? Kwa sababu wote hushikwa kwenye utando kwa nanga ileile ya mafuta na sukari, iitwayo GPI. Protini zaidi ya 100 za mwili hutumia nanga hiyo. Isipotengenezwa, zote hukosa pa kushika, CD55 na CD59 zikiwemo. Mwaka 1993 Taroh Kinoshita na wenzake wa Osaka walitaja jeni yenye kasoro, PIGA, inayohusika na hatua ya kwanza ya kuitengeneza nanga.

Jeni zinazoshiriki kutengeneza GPI ni zaidi ya 20, na bado karibu wagonjwa wote wana kasoro ya PIGA. Sababu inaturudisha Ibadan: PIGA nayo iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana nakala moja, na mwanamke hutumia moja katika kila seli, kwa hiyo ajali moja inatosha. Jeni nyingine karibu zote zina nakala mbili zinazofanya kazi, na ajali mbili katika seli ileile ni nadra mno.

Ajali yenyewe si adimu. Mwaka 1999 kundi la Luzzatto lilionyesha kwamba hata watu wenye afya wana seli chache kama hizo, ambazo hazifiki popote. Kinachozikuza, kwa maelezo ambayo yeye na Bruno Rotoli walikuwa wameyatoa mwaka 1989, ni shambulio la kinga ya mwili dhidi ya uboho. Seli shina za kawaida huuawa, zile zisizo na nanga hukwepa, na hatimaye ndizo zinazobaki kujaza uboho. Ndiyo maana PNH huandamana na ugonjwa wa uboho kukauka, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kupungukiwa pia chembe nyeupe na chembe sahani.

Mezani, maabara ya mkoa

Historia hii imetuachia kipimo kinachowezekana popote penye sentrifuji, bafu la maji la nyuzi 37 na mtaalamu makini. Tuseme ni mwanamke wa miaka 30, mkulima wa mahindi wa wilaya ya Songea. Wingi wa damu ni 6, ameongezewa damu mara mbili mwaka huu, malaria haionekani.

Kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu, lakini chini ya hadubini hakuna chembe nyekundu. Mkojo ukizungushwa kwenye sentrifuji unabaki mweusi juu hadi chini. Ingekuwa kichocho, chembe zingeshuka na maji yangesafika. Plazima yake ina wekundu, kwa hiyo rangi haikutoka kwenye misuli. Kipimo cha Coombs hakioni kingamwili juu ya chembe. Hapo PNH inastahili kutafutwa.

Kwa kipimo cha Ham, weka nusu mililita ya seramu mbichi ya mtu mwenye afya, ya kundi la damu linalolingana, kwenye mrija. Ongeza sehemu ya kumi ya ujazo huo wa asidi ya haidrokloriki ya nguvu 0.2, kisha kiasi hichohicho cha chembe za mgonjwa zilizooshwa na kuchanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi. Mrija wa pili uwe bila asidi. Wa tatu uwe na asidi lakini seramu iwe imepashwa moto kwenye nyuzi 56. Wa nne uwe na seramu ya mgonjwa mwenyewe, pamoja na asidi. Safu nyingine ya mirija iwe na chembe za mtu mwenye afya. Baada ya saa moja kwenye nyuzi 37, zungusha na utazame. PNH huleta wekundu wazi kwenye mrija wa kwanza na wa nne, kidogo au hakuna kwenye wa pili, na hakuna kabisa kwenye wa tatu.

Makosa yanajulikana. Seramu iliyolala kwenye friji siku kadhaa imepoteza komplementi, na kipimo kitasema uongo kwamba hakuna ugonjwa. Mgonjwa aliyetoka kuongezewa damu amejaa chembe za wafadhili, nazo hazipasuki. Na upo upungufu wa damu wa kurithi ambao chembe zake hupasuka kwenye seramu ya watu wengine lakini si ya mgonjwa mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya mrija wa nne.

Siku hizi hospitali kubwa hutumia mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza, zikiwa zimepakwa vitu vinavyong'aa ambavyo hushika CD59 au nanga yenyewe. Ni jamii ya mashine zilizoenea nchini kwa ajili ya kuhesabu CD4, ingawa zile ndogo zimefungwa kwa kazi hiyo moja tu. Mashine hupima chembe nyeupe pia, ambazo mfadhili wa damu hazibadilishi, na hivyo hutoa ukubwa halisi wa uzao ule wenye kasoro.

Dawa, 2007 hadi leo

Kabla ya dawa mahususi, uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1995 kuhusu wagonjwa 80 ulionyesha kwamba nusu yao walifariki ndani ya miaka kama 10, wengi kwa damu kuganda ndani ya mishipa, hasa ya ini na tumbo. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha ekulizumabu, kingamwili inayoishika C5 ili duara la C9 lisianze kabisa. Hutolewa kwa mshipa kila wiki mwanzoni, kisha kila wiki mbili. Chembe ziliacha kupasuka ndani ya mishipa na hatari ya kuganda ikashuka sana. Bei yake ilifika dola za Marekani laki kadhaa kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kuizima C5 pia huacha mlango wazi kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ndiyo maana chanjo hutangulia dawa.

Ikaonekana pia kwamba wagonjwa wengi hubaki na upungufu wa damu. Chembe zilizookolewa zisitobolewe bado hazina CD55, kwa hiyo vipande vya C3 huzirundikia juu, na ini na bandama huziondoa polepole. Dawa zilizofuata zililenga hatua za juu zaidi. Ya C3 ilikuja mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 kikaidhinishwa kidonge, iptakopani, cha miligramu 200 mara mbili kwa siku.

Luzzatto, baada ya Ibadan, Naples, London na New York, alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2022 yeye na Profesa Julie Makani wa chuo hichohicho waliandika makala kuhusu magonjwa adimu Afrika, wakieleza kwamba dawa zipo ila haziwafikii wanaozihitaji.

Mkulima wetu wa Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Muhimbili, atategemea damu ya kuongezewa, asidi ya foliki, na dawa ya kuzuia damu kuganda endapo dalili zitaonekana. Atahitaji madini ya chuma pia, kwa sababu kila mkojo mweusi unayatoa nje ya mwili. Yaanzishwe taratibu, kwani uboho ukipata chuma ghafla hutoa wimbi la chembe changa zisizo na ulinzi, nazo hupasuka kwa pamoja.

Kidonge kinaonekana kufaa zaidi kwa mkoa wa mbali kuliko dripu ya kila wiki mbili. Lakini akishaanza kukimeza, chembe zake zenye kasoro zitaishi muda mrefu na kuongezeka kwenye damu, labda mara kadhaa ya zilivyokuwa. Vidonge vikikosekana bohari kwa siku chache tu, zote hizo zitakuwa mbele ya komplementi kwa wakati mmoja, na shambulio linaweza kuwa kubwa kuliko lolote alilolipata kabla ya matibabu. Kwa hiyo hesabu ya kumwanzishia dawa lazima ianze na uhakika wa shehena ya mwezi unaofuata, na wa baada ya huo.